Kabla ya Kuachia Video: Kukagua Jina, Picha ya Jalada na Maneno Yanayopunguza Matangazo YouTube

Mwongozo huu ni wa mwenye chaneli ya YouTube iliyokwisha kukubaliwa kulipwa kwa matangazo, ambaye anatengeneza video zenye mada nzito: ajali, uhalifu, vita, dawa za kulevya, ukatili wa majumbani. Wa mapishi na wa nyimbo za watoto wana matatizo yao, lakini alama ya njano hupiga zaidi kwenye mada nzito, na ndiko watu wengi hupoteza pesa ambazo wangeweza kuzipata kwa kubadilisha vitu vichache tu.

Tuanze na maana ya alama yenyewe. Ndani ya YouTube Studio, kila video ina alama ndogo ya dola. Ya kijani maana yake ni kwamba video inastahili matangazo ya aina zote. Ya njano ni matangazo machache, au hakuna kabisa. Alama hii ya njano ilianza kuonekana mwaka 2017, miezi michache baada ya kampuni kubwa, zikiwemo AT&T na Johnson & Johnson, kusitisha matangazo yao zilipoona yanatokea kwenye video za chuki na itikadi kali. Tangu hapo YouTube imekuwa ikiandika kwa undani kile ambacho kampuni inayotangaza bidhaa yake haitaki kukaa nacho ukurasa mmoja.

Upande wa pili wa biashara hii, ambao watengeneza video hawauoni, unasaidia kuelewa. Anayenunua matangazo kupitia Google Ads huchagua kiwango cha uvumilivu. Viko vitatu: `Expanded inventory`, `Standard inventory` na `Limited inventory`. Video ya njano hubaki na wale wachache waliokubali kiwango kipana. Wanunuzi wanapopungua, mnada unapoa, na nafasi ileile ya tangazo inauzwa kwa bei ndogo au haiuzwi. Mnunuzi anaweza pia kuzuia matangazo yake yasitokee kwenye mada au maneno fulani, na hapo hata video ya kijani yenye mada ya vifo inaweza kuingiza kidogo kuliko ya kijani inayofundisha hesabu. Kwa hiyo ukaguzi wako una kazi mbili: kuipata kijani, na kutorundika maneno ya kutisha pasipo sababu.

Kitu kimoja cha kukumbuka kabla hatujaanza: YouTube haipimi mada peke yake. Inapima namna ulivyoishughulikia, na inapima kila kipande: video yenyewe, picha ya jalada, jina, maelezo na lebo. Ajali ya barabarani inaweza kuwa kijani, na inaweza kuwa video isiyopata tangazo hata moja.

Video yetu ya mfano

Tuchukue video ya dakika 14. Inaeleza jinsi lori lililokuwa likishuka mteremko lilivyopoteza breki na kugonga basi. Ni kazi nzuri: kuna fundi anayeeleza breki zilivyoshindwa, na manusura anayesimulia. Mhariri ameimaliza usiku, na imekaa hivi:

Jina ni "WATU WACHINJWA NA LORI!! TAZAMA MIILI". Picha ya jalada inaonyesha kiti cha basi chenye damu, na duara jekundu limezungushiwa mwili uliofunikwa shuka. Sekunde sita za kwanza ni kipande cha simu: lori linagonga, kisha mgongano unarudiwa mara tatu kwa mwendo wa polepole, na mtu aliyeshika simu anatoa tusi zito. Kwenye 3:20 kuna mwili wenye jeraha lililo wazi, kwa sekunde tisa. Kwenye 6:10 manusura analia akisimulia. Kwenye 8:40 fundi anaeleza breki. Kwenye 11:30 msimulizi anatania kwamba madereva wa kabila fulani hawajui kuendesha.

Tutaipitisha hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Ipakie ikiwa imefichwa

Usiiachie hadharani moja kwa moja. Ipakie kama `Private` au `Unlisted`, jaza jina, maelezo na picha ya jalada ile utakayoitumia kweli, halafu subiri sehemu ya `Checks` imalize kazi. Hapo mfumo unakagua hakimiliki na pia kama video inafaa kwa matangazo, na majibu huja kabla mtazamaji yeyote hajaiona.

Faida yake ni ya hesabu tu. Video nyingi za habari na matukio hutazamwa zaidi siku za mwanzo. Ikitoka na njano, ukaomba ipitiwe upya na kushinda baada ya siku kadhaa, matangazo yanarudi lakini wimbi la watazamaji limeshapita. Ukiigundua njano ikiwa bado imefichwa, hujapoteza mtazamaji hata mmoja.

Kosa la kawaida hapa ni kupakia na picha ya jalada ya muda, kupata kijani, halafu kuweka ile kali dakika ya mwisho. Jina na picha vikibadilika, mfumo unaweza kuipima video upya. Ulichokaguliwa si ulichokiachia.

Hatua ya 2: Jina na picha ya jalada

Anza hapa, kwa sababu hapa ndipo uvumilivu ni mdogo kuliko popote. Ndani ya video unaweza kueleza muktadha kwa dakika nzima. Picha ya jalada haina muktadha. Inaonekana peke yake mbele ya mtu ambaye hajaamua kutazama.

Jina la video yetu lina makosa mawili. "Wachinjwa" ni neno la ukatili wa makusudi, na halisemi kweli: hii ni ajali. "Tazama miili" ni baya zaidi, maana linamwahidi mtazamaji maiti kama burudani. Mwongozo wa YouTube unatofautisha kati ya kuonyesha jambo la kutisha ili kueleza na kulionyesha ili kushtua, na jina hili limeshajibu swali hilo kabla video haijafunguliwa. Tulibadilishe liwe "Kwa Nini Breki za Lori Zilishindwa Mteremkoni". Limepoteza kelele, ni kweli, lakini bado lina swali ambalo mtu anataka jibu lake.

Damu iondoke kwenye picha, na duara jekundu pia. Mwili uliofunikwa shuka haungekuwa tatizo kubwa kama ungepita tu ndani ya habari. Hapa umezungushiwa duara ili kuvuta macho, na hilo ndilo linalohukumiwa. Mantiki hiyohiyo hutumika kwenye picha za mwili wa mtu: mshale unaoelekeza kifuani au makalioni, au ukungu uliowekwa ili ionekane kuna kitu kimefichwa, huhesabiwa kama kivutio cha ngono hata kama chini ya ukungu hakuna kitu. Kwa video yetu, weka picha ya mteremko na gurudumu linalofuka moshi. Inatisha vya kutosha.

Je, kuandika "k*fa" au "v1fo" kunasaidia? Hapana, na tabia hii imeenea mno. Hakuna orodha iliyotangazwa ya maneno ambayo ukiyakwepa umepona. "Kufa" si neno lililopigwa marufuku, na mfumo unaangalia picha na sauti, si jina peke yake. Kinachofikiwa ni kumsumbua msomaji na kuifanya video isipatikane kwa anayeitafuta. Nyota husaidia sehemu moja tu: matusi. Tusi lililofichwa kwa alama hutendewa kama lugha nyepesi, ilhali tusi likiandikwa wazi kwenye jina au picha ya jalada linapunguza matangazo hata kama si zito sana.

Hatua ya 3: Matusi, na kanuni iliyobadilika mara tatu

Ushauri mwingi kuhusu matusi unaosambaa umepitwa na wakati, kwa hiyo tuupange kwa miaka.

Novemba 2022 YouTube ilikaza kamba: matusi mwanzoni mwa video yangeweza kuifuta kabisa kwenye matangazo. Watengeneza video walilalamika, hasa kwa sababu video za zamani nazo zilianza kugeuka njano. Machi 2023 kanuni ikalegezwa: tusi zito ndani ya sekunde 7 za mwanzo likawa la matangazo machache badala ya kukosa kabisa. Julai 2025 ikalegezwa tena, na sasa hata tusi zito kwenye sekunde hizo 7 haliizuii video kupata matangazo kamili.

Kwa hiyo yule mtu aliyetukana nyuma ya simu kwenye sekunde ya nne, peke yake, haiangushi video yetu. Yanayobaki kuwa tatizo ni mawili: matusi kwenye jina na picha ya jalada, kama tulivyosema, na wingi. Video ambayo matusi mazito yamejaa karibu kila sentensi, au iliyokusanya vipande vya watu wakitukanana, bado itapata matangazo machache. Mimi bado ningeliziba tusi hilo kwa mlio. Linasikika juu ya mgongano wa ajali, na mtu anayeipitia video hii anahesabu mambo yote kwa pamoja. Kuziba huchukua nusu dakika kwenye programu yoyote ya kuhariri. Usidhani Kiswahili au lugha ya mtaani itakuficha; sera inahusu lugha zote.

Tusiyachanganye matusi na maneno ya kudhalilisha kundi la watu. Hayo yako kwenye fungu jingine kabisa, na hayana punguzo. Utani wa 11:30 kuhusu madereva wa kabila fulani unaweza kuinyima video nzima matangazo ingawa hauna tusi hata moja ndani yake. Ukungu haufai na mlio haufai, kwa sababu tatizo ni hoja, si neno. Kata sentensi yote. Ukitaka kuzungumzia chuki ya aina hiyo kama mada, ukimnukuu mwingine na kuipinga, hilo linaruhusiwa. Kuitania ukiwa upande wake hapana.

Hatua ya 4: Picha ndani ya video

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo kwa video yetu.

Tuanze na ufunguzi. Mgongano uliorudiwa mara tatu polepole una shida mbili. Kwanza, kurudia kunaonyesha kwamba mgongano ndio bidhaa. Pili, muktadha bado haujafika: anayeipitia video anaona watu wakigongwa na hajui kama ataelezwa chochote. Tibu hivi: onyesha lori likishuka, simamisha picha kabla halijagonga, sauti ya msimulizi iingie: "Sekunde hizi chache zilianzia kwenye breki zilizokuwa zikichemka tangu juu ya mlima." Mtazamaji amebaki na hamu, na muktadha umefika ndani ya sekunde kumi. Mgongano wenyewe unaweza kuja baadaye, mara moja, kwa mbali, pale fundi anapouhitaji ili kueleza.

Kisha 3:20. Wengi huweka ukungu usoni na kuona wamemaliza. Ukungu wa uso unalinda utambulisho wa marehemu, jambo la lazima kwa heshima yake, lakini kinachohesabiwa kwenye matangazo ni jeraha: nyama iliyo wazi, damu nyingi, kiungo kilichovunjika. Ukitia ukungu, funika jeraha lote, kwa uzito ambao umbo halisomeki, na ufuate kamera inavyosogea. Fremu tano zilizoponyoka katikati zinaharibu kazi yote. Kabla ya kuhangaika hivyo, jiulize sekunde tisa zile zinaeleza nini. Kwenye video hii hazielezi kitu. Tunazikata na kuweka picha ya mabaki ya basi kwa mbali.

Kuna daraja tatu hapa na ni vizuri kuzijua. Mabaki ya ajali, gari la wagonjwa, mwili uliofunikwa, damu kidogo ndani ya maelezo ya habari: kwa kawaida hubaki kijani. Maiti yenye majeraha yanayoonekana, hata ndani ya simulizi ya kuelimisha: tarajia njano. Maiti yenye majeraha bila maelezo yoyote, muziki tu na maandishi "duh": hakuna matangazo, na unaweza kujikuta umevuka hata sera za jumla za YouTube, ambapo adhabu ni video kuwekewa kikomo cha umri au kuondolewa. Video yenye kikomo cha umri hupata matangazo machache au haiyapati kabisa, hata kama mengine yote uliyafanya sawa.

Manusura anayelia kwenye 6:10 abaki. Watengeneza video wengi humkata kwa woga, na ni hasara, maana maumivu yanayosimuliwa si sawa na maumivu yanayoonyeshwa kwenye mwili. Mwelekeo wa kanuni nao unaenda huko: Januari 2026 YouTube iliruhusu video zinazojadili au kuigiza mada kama kujiua, kutoa mimba, na ukatili wa majumbani au wa kingono kupata matangazo kamili, alimradi hazionyeshi mambo hayo waziwazi kwa undani. Unyanyasaji wa watoto na matatizo ya ulaji hayakuingizwa kwenye ulegezaji huo, kwa hiyo mada hizo mbili zihariri kwa tahadhari ya zamani.

Fundi kwenye 8:40 hana neno. Breki za ngoma zikikanyagwa mfululizo mteremkoni hupata moto hadi zinapoteza nguvu ya kushika. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yanayoibeba video nzima kuelekea kijani. Ningemsogeza mbele, aonekane kwa muda mfupi dakika ya kwanza.

Hatua ya 5: Maelezo na lebo

Hapa ni haraka. Ondoa lebo kama "damu", "maiti", "video ya kutisha". Hazimleti mtazamaji wa maana, na zinaipinga ile hoja kwamba video hii ni ya kuelimisha. Kwenye maelezo, sentensi mbili za kwanza ziseme video inaeleza nini na nani anazungumza.

Hatua ya 6: Jaza dodoso kwa ukweli

Wakati wa kupakia utakutana na ukurasa wa `Ad suitability` unaouliza kama kuna lugha chafu, ukatili, ngono, dawa za kulevya, silaha na mengine. Kishawishi ni kubonyeza `None of the above` ili upite. Usifanye hivyo kwa video yetu. Kwenye fungu la ukatili chagua maelezo yanayolingana: matokeo ya ajali, ndani ya muktadha wa kuelimisha, bila majeraha ya wazi. Kutia alama hakumaanishi njano. Ndani ya kila fungu kuna chaguo ambazo bado ni kijani, na dodoso lenyewe litakuonyesha matokeo yanayotarajiwa kabla hujalituma.

YouTube hulinganisha majibu yako na ilichokiona yenyewe. Ukionekana msahihi kwa muda, majibu yako hupewa uzito zaidi; ukionekana unaficha, hayasikilizwi, na mfumo unaamua peke yake. Mwenye chaneli ya mada nzito anauhitaji uaminifu huo kuliko mtu yeyote.

Hatua ya 7: Ikitoka njano

Soma sababu iliyotajwa, kisha rudi kwenye video ukiwa na swali moja: ni fremu gani au sentensi gani iliyoleta jibu hili? Rekebisha kwanza. Jina na picha vinabadilishwa papo hapo. Kwa ndani, kihariri cha Studio kinaweza kukata kipande na kutia ukungu, ila hakiwezi kuweka faili jipya mahali pa la zamani. Video ikiwa bado imefichwa, njia safi ni kurudi kwenye mradi wako, kurekebisha na kupakia upya.

Ukiwa na hakika hakuna kilichobaki, ndipo ubonyeze `Request review`. Mtu ataitazama, na jibu huchukua hadi siku 7. Nafasi ni moja kwa video moja, na uamuzi wake ni wa mwisho. Ndiyo maana kubonyeza kwa hasira dakika ile ile unapoiona njano ni kuitupa nafasi hiyo: utahukumiwa kwa damu ambayo ungeweza kuikata.

Wakati mwingine njano ndiyo jibu sahihi. Ukiwa na ushahidi wa picha ambao bila wenyewe hakuna habari, uache. Video ya njano bado inapata mgao wa watazamaji wa YouTube Premium, na YouTube inasema alama hiyo haitumiki kuamua video ipendekezwe kwa nani. Unaweza pia kutengeneza matoleo mawili: la YouTube bila picha kali, na ushahidi kamili ukahifadhiwa kwa wanaouhitaji kikazi.

Video yetu ya lori, baada ya mabadiliko haya, imepungua kama nusu dakika tu. Bado iko juu ya dakika 8, urefu unaoruhusu matangazo ya katikati. Yapange mwenyewe badala ya kuuachia mfumo, na usiweke tangazo katikati ya simulizi ya manusura. Liweke baada ya fundi kumaliza hoja yake. Kisha iachie, na wiki ya kwanza usiguse jina wala picha ya jalada bila kurudi kuitazama ile alama ya dola.